Utosi uliokuwa unauma: miaka mitano niliyopoteza kabla ya kujua nywele zangu zinakwenda wapi

Mara ya kwanza ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka 2018. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda cha msusi wangu hapa Tanga, kichwa nimeinamisha, naye ananifumua rasta nilizokaa nazo wiki sita. Alipofika utosini nikamshika mkono. Palikuwa panauma kama jipu linalotaka kutunga, lakini hapakuwa na jipu, wala kidonda, wala mba. Akapapasa, akaniambia, "Dada, ni nywele tu zimechoka kuvutwa. Ziache wazi siku mbili tatu, patapoa." Nikamwamini. Nilikuwa na miaka 34, nimesukwa tangu utotoni, na kila aliyesukwa anaujua usiku ule wa kwanza ambao mto haugusiki.

Ningejua ninachokijua leo, ningeanza kuhesabu siku hapo hapo. Maumivu ya kusukwa yanafuata mistari, yanaenea kichwa kizima, na baada ya siku mbili tatu yamekwisha. Haya yangu yalikuwa mahali pamoja tu, katikati ya utosi, upana wa sarafu ya shilingi 200, na wiki ya tatu yalikuwa bado yapo ingawa nywele nilikuwa nimezifunga mabutu mawili yaliyolegea. Nikipitisha chanuo nilisikia kuwasha kunakochanganyika na kuchoma. Usiku mara nyingine nilihisi kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi. Yalikuja na kuondoka kwa miezi, na kwa kuwa yalikuwa yanaondoka, sikumwambia mtu.

Mwaka uliofuata nywele za pale juu zikaanza kukatika. Nataka nieleze vizuri hapa, kwa sababu wengi wetu tunasubiri kuona upara ndipo tushtuke, na upara huja mwisho. Nilichokiona mimi ni nywele fupi. Kichwa kizima nywele zilifika mabegani, lakini utosini zilikuwa na urefu wa kidole gumba na hazikui. Msusi akasema ni dawa ya nywele iliyonikata, nibadilishe aina. Nikabadilisha. Dawa mpya nayo ikaniunguza pale pale, sehemu ile ile, huku kwingine kote sisikii kitu. Nikabadilisha tena. Ngozi ya utosi ilikuwa inanieleza jambo kwa lugha iliyo wazi kabisa, nami nikawa nabadilisha makopo.

Mimi navaa mtandio, na mtandio ulinisitiri na pia ulinichelewesha. Kazini hakuna aliyejua. Nyumbani nilijifunza kulala na kilemba chepesi. Mume wangu aligundua mwaka 2020 siku nilipokuwa nimeinama natafuta kitu uvunguni. Akaniuliza kwa upole, "Hapa umeungua?" Nikamjibu ndiyo, dawa ya saluni. Nilimdanganya mtu aliyekuwa ananiuliza kwa mapenzi, na ule uongo ukanigharimu mwaka mwingine mzima, maana baada ya hapo nililazimika kuulinda.

Hapa inabidi nimtaje mama yangu. Mama ana upara wa utosini, wa duara, unaong'aa, tangu mimi ni mtoto. Bibi, mama yake, alikuwa nao pia. Kwetu hilo halikuwa ugonjwa, lilikuwa na maelezo yake: ndoo. Wanawake waliobeba maji na kuni miaka yote, ngata kichwani, mzigo juu ya ngata, nywele zikaisha. Hata mama mwenyewe alikuwa akisema, "Zangu zimechukuliwa na ndoo." Nimelisikia neno hilo mara nyingi mno hata sikuwahi kulifikiria. Mimi nimekulia nyumba yenye bomba uani. Sijawahi kubeba ndoo kichwani zaidi ya zile siku chache bomba lilipokatika. Utosi wangu ulikuwa unafuata njia ya mama hatua kwa hatua, na mimi nasema ni dawa ya saluni, kama yeye alivyosema ni ndoo.

Nikaingia kwenye tiba. Duka la dawa la kwanza waliniambia ni mapunye. Nikapewa dawa ya kupaka ya fangasi, kisha vidonge vya fangasi vya wiki sita. Hakuna aliyekwangua ngozi kupeleka maabara, wala mimi sikujua kwamba inapaswa kukwanguliwa kwanza. Mapunye kwa kawaida ni ugonjwa wa watoto. Mtu mzima anaweza kuyapata, lakini yana ganda, yana unga mweupe, au nukta nyeusi za nywele zilizokatikia usawa wa ngozi. Utosi wangu haukuwa na hata kimoja. Ulikuwa msafi, laini, unang'aa kidogo.

Baada ya vidonge nikageukia jikoni. Mafuta ya nyonyo, mafuta ya karafuu, maji ya kitunguu. Maji ya kitunguu niliyapaka siku tisa mfululizo juu ya ngozi ambayo tayari ilikuwa inawaka, na siku ya kumi nikaamka utosi umevimba na unatoa majimaji. Simlaumu shoga yangu aliyenielekeza, kwake yeye nywele za pembeni kweli zilirudi. Lakini za kwake zilikuwa zimenyofolewa na kusukwa kwa nguvu, kwenye paji na juu ya masikio, na yeye aliacha kusuka. Tulikuwa na magonjwa mawili tofauti, tukadhani ni moja kwa sababu yote yanaitwa kunyonyoka nywele.

Halafu nikaficha. Wivingi ya kubandikwa na gundi kwa ajili ya sherehe ya ndugu, rasta nzito kwa ajili ya Idi. Kila nilipofumua, mpaka ulikuwa umesogea. Mwaka 2022 ile sarafu ilikuwa imekuwa kama kitako cha kikombe cha chai.

Mwaka huo nikaenda kwenye zahanati moja ya binafsi, wakaniambia watachukua kinyama wapime. Nilifurahi sana, nikaona sasa nimefika. Daktari akachagua katikati ya upara, pale penye kung'aa zaidi, kwa kuwa ndipo ugonjwa ulipoonekana mkubwa. Majibu yakaja baada ya wiki tatu: kovu, hakuna mizizi ya nywele. Nikaambiwa hakuna la kufanya. Nililipa, nikashonwa nyuzi mbili, na nikatoka nimeambiwa kile ambacho jicho langu lilikuwa linakiona kwenye kioo. Nililia kwenye bajaji mpaka nyumbani.

Aliyenifungua macho ni daktari wa ngozi wa Dar es Salaam, mwanzoni mwa mwaka 2023. Nikimsimulia habari za kile kinyama, aliguna, akaniambia, "Mama, pale katikati vita vimekwisha. Ukitaka kujua nani anapigana, nenda mpakani." Akachukua kifaa kidogo chenye taa na kioo cha kukuzia, akakiweka kwenye ukingo wa upara, pale ambapo nywele bado zipo, akapiga picha, akanionyesha kwenye simu.

Nataka niikalie picha ile kidogo. Ngozi ya kichwa cha kawaida ya mtu mweusi, ikikuzwa, ina mtandao wa kahawia kama sega la nyuki, na vitundu vidogo vidogo vilivyotapakaa kwa mpangilio. Nywele zinatoka kwenye vitundu, na mara nyingi zinatoka mbili au tatu pamoja. Picha ya ukingo wangu ilionyesha nywele zilizosimama moja moja, na kuzunguka shina la nyingi kulikuwa na duara jeupe lenye ukijivu, kama pete ya moshi. Ile pete, akanieleza, ni kovu linalojengwa kuuzunguka mzizi wakati unywele wenyewe bado umesimama. Mtu akiutazama kwa macho anaona unywele mzima. Kisha akasogeza kifaa sentimita moja kuelekea katikati: pete hazipo, nywele hazipo, na vitundu vingi havipo. Ngozi imejifunga. Ndiyo sababu panang'aa.

Jina la ugonjwa ni refu, na kwenye cheti changu aliandika herufi nne tu: CCCA. Maana yake kwa maneno yetu ni upara wa makovu unaoanza katikati ya kichwa na kutanuka kwenda nje. Unawapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, na wengi hugunduliwa wakiwa na miaka thelathini na kitu au zaidi. Chembe za kinga za mwili wenyewe zinaizunguka sehemu ya juu ya mzizi wa unywele, kunatokea uvimbe mdogo usioonekana kwa nje, na mwishowe mzizi unageuka kovu. Mzizi uliogeuka kovu hauoti tena. Hakuna mafuta, hakuna kitunguu, hakuna dawa ya dukani itakayoufufua. Kwa hiyo swali la maana kwa mgonjwa ni moja: je, mpaka bado unasogea? Na dalili za mpaka unaosogea ni zile zile nilizokuwa nazipuuza, kuuma, kuwasha na kuchoma. Ila kuna wanawake ambao ugonjwa unatembea kimya bila maumivu yoyote, kwa hiyo kutoumwa si hati ya usalama.

Alichukua kinyama kipya, safari hii ukingoni, penye nywele zenye zile pete. Ganzi ndiyo iliyouma, kama kuumwa na nyigu mara mbili. Kisha kisu kidogo cha duara chenye upana wa milimita 4, kinazungushwa kama mtu anayetoboa kizibo, nyuzi mbili, plasta, basi. Nilizitoa nyuzi baada ya siku kumi. Ukiambiwa utachukuliwa kinyama, uliza kwa adabu kabisa: mnachukua wapi? Wakikuelekeza katikati ya pale penye kung'aa, omba wakueleze kwa nini. Maabara ilieleza uvimbe na makovu yaliyozunguka mizizi, na tezi za mafuta zilizotoweka. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano nilikuwa na karatasi inayosema ninachoumwa.

Nilimuuliza swali ambalo nadhani kila mmoja wetu angeuliza. Ni mimi niliyejifanyia? Ni ile dawa ya nywele? Ni kusuka?

Akanieleza historia, nami naiandika kwa kuwa ilinitua mzigo. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliwaona wanawake weusi wenye upara wa namna hii, wakauita upara wa kitana cha moto. Walidhani mafuta yanayoyeyuka kwenye kitana kile cha kunyooshea nywele yanatiririka mpaka kwenye mzizi na kuuchoma. Baadaye wakaonekana wanawake wengi wenye ugonjwa ule ule ambao hawakuwa watumiaji wa kitana cha moto, na jina likabadilishwa. Kisha ikasemwa dawa za kulainisha, kisha kusuka. Tafiti za mambo hayo zimetoa majibu yanayopingana. Mwaka 2019 kundi la watafiti, wakiwemo wa Afrika Kusini, walichapisha uchunguzi wa wanawake 58 wenye ugonjwa huu, na karibu robo yao walikuwa na hitilafu kwenye jeni iitwayo PADI3, inayohusika na kuujenga unywele uwe imara. Maana yake wapo wanaozaliwa na mizizi dhaifu. Wengine hawana hitilafu hiyo na bado wanaugua, kwa hiyo jambo lenyewe halijaisha.

"Kusuka kwa nguvu na kuunguza hakuwezi kuusaidia mzizi unaougua," akasema, "lakini usiende nyumbani ukijihukumu." Kisha akaniuliza, "Mama mzazi nywele zake zikoje?" Nikafungua mdomo niseme ndoo, na neno likanikwama.

Akauliza pia habari ya hedhi, na hili lilinishangaza. Nilikuwa natokwa na damu nyingi kila mwezi, nabadilisha pedi kila saa, na nimezoea. Akaniambia mwaka 2018 watafiti wa Johns Hopkins kule Marekani walipitia mafaili ya wanawake weusi zaidi ya laki nne, wakakuta wenye upara huu walikuwa na uvimbe wa kizazi kwa kiwango cha asilimia 13.9, dhidi ya asilimia 3.3 kwa wasio nao. Haimaanishi kimoja kinaleta kingine. Huenda ni kwamba miili hiyo ina wepesi wa kutengeneza makovu na nyama ngumu kupita kiasi. Nilipigwa picha ya altrasaundi wiki mbili baadaye na kukutwa na uvimbe mitatu, na damu yangu ilikuwa chini sana. Sikuwa nimetarajia kwamba utosi ungenipeleka huko, lakini uchovu niliokuwa nauita wa kazi ulianza kupungua nilipotibiwa ile damu.

Matibabu yenyewe yana sehemu mbili, na ukizichanganya unajivunja moyo. Ya kwanza ni kuzima uvimbe ili mpaka usimame. Nilipewa marhamu ya klobetasoli kupaka usiku kwenye ukingo na sentimita moja mbele yake, kwanza kila siku, kisha mara tatu kwa wiki. Nilimeza doksisaiklini ya miligramu 100 asubuhi na jioni, ambayo hapa kazi yake si kuua vijidudu bali kutuliza uvimbe. Kabla ya kuianza nilipimwa ujauzito, maana haifai kwa mjamzito. Na nilichomwa sindano za triamsinoloni kichwani kila baada ya wiki sita. Sehemu ya pili, iliyoanza uvimbe ulipotulia, ni minoksidili ya asilimia 5 ya kupaka, kuisaidia mizizi iliyo hai ikuze nywele zilizonona. Minoksidili peke yake, huku uvimbe unaendelea, ni kumwagilia shamba linaloungua.

Sindano ndizo watu wananiuliza sana. Ni vichomo kumi na tano hadi ishirini, vidogo, mduara mzima kufuata ukingo. Kila kimoja kinainua kijinundu cheupe kinachotoweka baada ya dakika chache. Vile vya upande wa mbele viliniuma hadi machozi, vya nyuma sikuvisikia sana. Baada ya duru ya tatu nilipata kibonyeo kidogo kama alama ya kidole kwenye unga. Daktari akapunguza nguvu ya dawa, na kikajaa chenyewe baada ya miezi kadhaa. Ukiona kibonyeo, mwambie, usinyamaze kwa kudhani ni kawaida.

Nilifanya makosa mawili humu ndani. La kwanza, nilimeza doksisaiklini usiku kwa funda moja la maji, nikalala. Niliamka kifua kinawaka kama nimemeza kaa, na kwa siku nne kila tonge lilipita kwa maumivu. Imezwe na glasi nzima ya maji, na mtu akae wima nusu saa au zaidi. Wala usiiteremshe kwa maziwa, yanaizuia isifyonzwe vizuri. La pili ndilo kubwa: wiki ya saba utosi uliacha kuuma, nikaona nimepona, nikaacha vyote na kuokoa nauli ya Dar. Miezi miwili baadaye wale sisimizi walirudi usiku. Tulianza upya, na picha zilionyesha nimepoteza nusu sentimita upande wa kulia. Ile nusu sentimita haitarudi.

Na neno kuhusu klobetasoli. Ni dawa ile ile inayoingia kwenye mikorogo ya kujichubua. Ndugu yangu mmoja aliiona tyubu kabatini akaniomba apake usoni. Nilimkatalia, na nikaanza kuificha. Kwenye ukingo wa upara, kwa kipimo, inaokoa. Usoni kwa miezi inaharibu ngozi vibaya.

Gharama niliziandika kwenye daftari. Mwaka wa kwanza wa tiba ya kweli: kumwona daktari mara ya kwanza 40,000, kinyama na maabara 180,000, sindano mara sita kwa 60,000 ni 360,000, doksisaiklini miezi sita 90,000, klobetasoli tyubu sita 48,000, minoksidili chupa nane 360,000. Jumla ni shilingi 1,078,000, bila nauli ya basi. Ni fedha nyingi kwa mshahara wangu, na mara mbili niliahirisha sindano kwa kukosa. Kilichonipunguzia ni kujua kipi hakiahirishwi. Daktari alisema, nikibanwa, minoksidili isubiri, lakini dawa za kuzima uvimbe zisikatike. Pia si lazima wote tupande basi la Dar. Moshi, pale KCMC, kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi tangu mwaka 1992, na wahitimu wake wametawanyika kwenye hospitali nyingi za mikoa. Ulizia hospitali ya mkoa wako kama ina mtabibu wa ngozi kabla ya kuuza kitu.

Nyumbani kipimo chetu kilikuwa simu. Kila tarehe mosi, mume wangu ananipiga picha tatu karibu na dirisha, saa nne asubuhi, nywele zimegawanywa kwa chanuo mstari mmoja kutoka pajini hadi kisogoni, na rula pembeni. Ndipo nilipomwambia ukweli kwamba haikuwa moto wa saluni. Hakusema neno, alishika rula. Picha za mwezi mmoja hazionyeshi kitu. Ukiziweka za miezi sita pamoja, unaona. Zangu za leo, ukiacha ile nusu sentimita, mpaka haujasogea kwa zaidi ya mwaka. Pembeni nywele zimejaza kidogo, za katikati hazikurudi na hazitarudi. Nimeuliza habari ya kupandikiza nywele, nikajibiwa kwamba ugonjwa uwe umelala angalau mwaka kwanza, na hata hapo kovu lina damu kidogo, nywele nyingine hazishiki. Nimeliweka pembeni. Navaa wigi lisilo na gundi, lenye bitana ya satini ndani, nikifika nyumbani nalivua. Dawa ya kulainisha nimeacha, rasta nimeacha, naosha kila wiki.

Mwaka jana nilimpeleka mama. Ana miaka 71. Alivua ushungi mbele ya daktari kwa shida sana, akauweka mapajani na kuukunja kunja. Daktari akatazama kwa kile kifaa mzunguko mzima. Ukingo umetulia, hakuna pete hata moja, hakuna maumivu. "Mama yangu, huu ulishalala zamani, hauhitaji dawa." Mama akauliza kama ilikuwa ndoo. Akaambiwa, "Ndoo ilikuwa mzigo tu, mama. Hili mlizaliwa nalo." Njiani alinyamaza hadi Chalinze, kisha akasema, "Basi bibi yako naye tulimsingizia."

Mdogo wangu ana miaka 29. Nywele zake ni nyingi, hana hata dalili ya upara, na alikuwa ananicheka ninapomshika kichwa. Mwezi wa pili alikuwa amekaa mkekani ninamchana. Nilipofika utosini akainua bega kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi. Nikamuuliza, panauma? "Kidogo, lakini ni rasta, nimefumua juzi." Juzi ilikuwa siku kumi na mbili, nilihesabu. Ijumaa iliyofuata tulikuwa Dar. Kwenye simu ya daktari, katikati ya msitu ule wa nywele, kulikuwa na mashina manne yenye pete ya moshi. Ameanza marhamu wiki hiyo hiyo, na mimi ndiye ninayempiga picha kila tarehe mosi.